Mama yuko Wete, mimi Uingereza: nimpelekee iPhone yangu ya zamani au anunuliwe Samsung mpya?

"Asalam alaykum fundi. Mama yangu yuko Wete, ana miaka 74, hajawahi kutumia simu ya kupangusa, anacho kile kisimu cha batani tu. Mimi niko Uingereza nataka nimuone kwa vidio angalau mara mbili kwa wiki. Nna iPhone 8 yangu ya zamani imekaa tu kabatini, kuna mtu anakuja mwezi ujao naweza kumpa. Au nitume pesa anunuliwe Samsung A06 mpya huko huko. Anaishi na mjukuu wa miaka 13. Ipi itakuwa sahali kwake?"

Waalaykum salaam dada yangu. Mnunulie Samsung. Iyo iPhone 8 ni simu nzuri na kama ungeitumia mwenyewe nisingekukataza, lakini kwa bi mkubwa anaetoka kwenye batani, na msaidizi wake ni kijana wa miaka 13, hicho cha bure kitakusumbua kuliko pesa utakazotuma. Sasa ntakueleza kwa nini, maana hata ukishanunua Samsung kama haikutengenezwa vizuri siku ya mwanzo utakuja kuniambia fundi umenidanganya.

Watu wakija dukani kwangu Chake, hapa hapa Pemba, kumnunulia mzee simu wanauliza kamera, wanauliza memori, wanauliza ipi haraka. Bi mkubwa hayo hayamuhusu. Yeye ana mambo matatu tu: simu ilie akaisikia, atizame kioo amjue anaepiga, apokee bila kukata. Simu za wazee zinazorudishwa kwangu, "fundi hii mbovu vidio haiingii", nyingi sana ukizifungua hazina ubovu wowote, zimekwama kwenye moja katika hayo matatu.

Na kuna kitu kimoja kidogo ambacho wewe ukiwa huko Uingereza kitakwambia imekwama wapi bila ya kumuuliza mtu. Ukipiga WhatsApp tizama neno lililo chini ya jina. Ikiandika Calling maana yake wito wako haujafika kwenye simu ya mama, ama data imezimwa, ama bando limekwisha, ama mtandao haupo, ama simu yenyewe imeilaza WhatsApp. Ikibadilika ikaandika Ringing, basi simu ya mama imeshaupata wito, na kama hapokei tatizo liko pale pale alipo: mlio umezimwa, au simu iko chumbani yeye yuko uwani, au anaiona lakini kidole hakikubali. Ukilishika hili umeokoa nusu ya ugomvi. Maana watu wanapiga mara nne haipokelewi wanaanza kumgombeza mtoto "kwa nini hukumpa bibi simu", kumbe muda wote iliandika Calling na mtoto hana kosa.

Sasa tuzitie simu zako mbili kwenye hayo matatu.

Simu kulia. Hapa nisiidhulumu iPhone, kwa upande wa wito kufika iko imara, hailazi WhatsApp ovyo, ukipiga itaandika Ringing ilimradi mtandao upo. Lakini iPhone 8 ina kile kiswichi cha ubavuni, juu ya batani za sauti, ukikisukuma nyuma simu inakuwa bubu na kinaonekana kirangi cha machungwa. Wewe kwako si kitu, ukiingia msikitini au darasani unakisukuma, ukitoka unakirudisha. Mama zetu simu wanafutika kiunoni, au wanaifunga kwenye pindo la kanga, au inaingia ndani ya mkoba pamoja na funguo na miwani, kile kiswichi kinasogea wenyewe hawana habari. Na hakuna kitu kwenye kioo kitakachomwambia "simu yako haina sauti" kwa lugha anayoifahamu.

Samsung yeye ugonjwa wake uko kwengine. Simu za Android zinapenda kubana betri, programu isipoguswa siku kadhaa zinailaza, na bi mkubwa haifungui WhatsApp kwa raha zake, anangoja kupigiwa tu, kwa hivyo simu inaona hii haitumiwi wacha nilaze. Hapo ndipo unapopiga inakaa Calling, Calling, mpaka inakata. Tofauti yake ni kuwa hili linatengenezwa mara moja kwenye Settings na likatulia, kiswichi cha ubavuni hukitengenezi, labda umtafutie kava linalokizamisha ndani, na hata hivyo mjukuu akilivua kuisafisha unaanza upya.

Kumjua anaepiga. Hapa kioo kinasema chenyewe. iPhone 8 kioo chake ni inchi 4.7, A06 ni inchi 6.7. Ukikuza maandishi kwenye kile kidogo yanakatika, jina linakuwa nusu. Lakini kwangu mimi maandishi si kitu kikubwa hapa, ntakwambia kwa nini. Wengi wa wazee wetu wamesoma chuoni, msahafu wanausoma vizuri kabisa, lakini harufi za Kiswahili hizi anazisoma kwa taabu au hazisomi kabisa. Watu wanabishana simu gani ina Kiswahili, na kweli WhatsApp ya Android unaweza kuigeuza Kiswahili, iPhone menyu zake hazina Kiswahili, na hilo litamsaidia mjukuu. Bi mkubwa anapokea kwa sura. Akiona uso wako umejaa kwenye kioo anajua ni mwanawe. Kwa hivyo kioo kikubwa ni uso mkubwa, na kama ana mtoto wa jicho anaanza anaanza, hilo ndilo litakalomsaidia.

Na hapo nakuomba wewe na ndugu zako wote, picha ya WhatsApp iwe ya uso wako, uso mtupu karibu, na isibadilishwe. Nshamuona mama wa watu anakata simu ya mwanawe kwa sababu kijana alitia picha ya waridi mwezi ule, mama anasema "huyu simjui, nimeambiwa nisipokee watu nisiowajua". Ametii alivyoambiwa. Kama mko watatu na mnafanana, mmoja apige picha amevaa mtandio mwekundu, mmoja wa kijani, na msibadilishane.

Kupokea. Hapa ndipo iPhone 8 inaponishinda kwa wazee. Simu ikiwa imefungwa, FaceTime, ile vidio ya iPhone yenyewe, inaingia vizuri na sura unaiona. Lakini WhatsApp ya vidio kwenye iPhone iliyofungwa mara nyingi inapokelewa sauti kwanza, picha mpaka ufungue simu ndio ije. Wewe hulioni hilo kwa sababu kidole chako kiko kwenye ile batani ya chini na kinaifungua papo hapo. Sasa chukua kidole cha mtu aliechambua karafuu tangu mtoto, amesuka ukili, amepiga usumba, zile alama za kidole zimekwisha, ngozi imekauka, simu haimtambui. Wazee wetu hata kwenye kusajili laini kwa alama za vidole wanahangaika, wanajaribishwa kidole hichi na hichi. Basi atapokea, atakusikia, hakuoni wala humuoni, kila mmoja anasema "mbona giza". Unaweza kuitoa ile namba ya siri kabisa simu isifungwe, ndio, itapungua tabu, lakini bado ana hatua mbili na lazima azikumbuke. Kwenye Android simu ikiwa imelala, wito wa vidio unajaa kioo kizima, kuna duara anasukuma kwenda juu, basi, mmeonana. Nakusisitizia neno kusukuma. Mtu wa batani anabonyeza, anakandamiza kidole pale pale anangoja, na simu haimfahamu.

Kukandamiza huko ndio jambo la pili la kidole ambalo wauzaji hawalisemi. Kidole kikavu kinagusa kioo kwa muda mrefu, simu inadhani umeshikilia, badala ya kufungua kitu inakiletea menyu au inataka kukifuta. Ndio maana utasikia "WhatsApp imepotea fundi", haikupotea, ameikandamiza akaivuta ikaenda ukurasa mwengine. Samsung ina Easy mode, ukiiwasha inakuza maandishi na vitu vya kwenye kioo, na pamoja na hayo inaongeza muda wa kushikilia mpaka sekunde moja na nusu ndio ihesabu kuwa umekandamiza. Hilo pekee yake kwangu mimi linatosha kumpa mzee Samsung.

Betri nitaipita haraka, iPhone 8 ni simu ya 2017, betri yake ilipokuwa mpya ilikuwa mAh 1821 na yako imekaa kabatini, A06 ni mAh 5000. Umeme ukikatika usiku Wete, moja itafika asubuhi. Na chaja, nyumba ile nna hakika chaja ya taipu si haikosekani hata kwa jirani, ile ya iPhone 8 mjukuu ataizungukia mtaa.

Sasa nikupe kisa. Bibi mmoja wa Konde aliletewa iPhone na mwanawe kutoka nje, ya zamani kama yako lakini safi haina mkwaruzo. Alikuja kwangu na mjukuu wake mara tatu ndani ya miezi miwili na wanatoka mbali. Mara ya mwanzo "hailii", natizama, kiswichi. Nikakirudisha nikampa kava nene. Mara ya pili "mwanangu simuoni namsikia tu", nikaitoa namba ya siri na nikamfundisha, akaweza pale dukani mbele yangu mara tano, tukafurahi. Mara ya tatu kaja mjukuu peke yake, simu imeandika inataka neno la siri la akaunti, na akaunti yenyewe ilikuwa ya yule mwana aliyeko nje, alimpa mama simu na akaunti yake humo humo. Kumbe wiki zote hizo watu wakimpigia mwana FaceTime simu inalia na Konde vile vile, bibi anapokea watu asiowajua. Simu haikuwa na kosa hata moja, ilifanya kazi yake. Lakini kila kikwazo kilihitaji mtu anaeijua iPhone na nyumba nzima ile hakuna, mjukuu wake ana simu ya Android, jirani ana Android, mwalimu wa skuli ana Android. Baadae walimnunulia Android mpya, na nayo wiki ya mwanzo ikakaa Calling kwa sababu aliyeiuza hakuiamsha WhatsApp, tulipoiamsha sijamuona tena dukani. Kutomuona ndio khabari njema.

Kwa hivyo suala la nani yuko karibu nae lina uzito sawa na simu yenyewe. Mjukuu wa miaka 13 Wete anaijua Android, akikwama atamuuliza mwenzake. iPhone atakuuliza wewe, na wewe uko kazini.

Kuna mahali ningekwambia iPhone, na sitaki nikufiche. Kama ungekuwa na iPhone SE ya 2020 au XR na kuendelea hapo mazungumzo yangekuwa mengine, maana kuanzia iOS 17 wametia kitu kinaitwa Assistive Access, kinaibadilisha simu nzima inakuwa vitufe vikubwa vichache tu, simu na picha na ujumbe, na unachagua watu gani tu anaweza kuwapigia na nani anaweza kumpigia. Kwa mzee anaesahau sahau ni kitu kizuri sana na nnawafanyia watu. Lakini iPhone 8 yako imeishia iOS 16, haikipati. Na hata hizo zinazokipata, zile programu zao wenyewe ndio zinageuka, WhatsApp ukiitia humo inabaki na sura yake ya kawaida. Kwa hivyo itakufaa kama ukoo wenu wote mnaozungumza na mama mna iPhone na mtatumia FaceTime tu. Kama kuna shangazi Unguja mwenye Android, umerudi kwenye WhatsApp.

Na kama hata hivyo utaamua kuileta hio yako, kwa sababu pesa pia ni kitu, basi kabla hujampa msafiri fanya mambo mawili. Ingia Settings, General, About, teremka mpaka Carrier Lock. Ikiwa imeandika No SIM restrictions salama. Ikiwa imeandika chengine, simu imefungwa na mtandao wa huko na laini ya Pemba haitoshika, wasiliana na kampuni uliyochukulia waifungue ukiwa huko huko, hapa tusikuchezee. Halafu toka kwenye akaunti yako kabisa na ufute kila kitu, usiifute tu bila ya kutoka, maana ikifika hapa itaomba neno lako la siri na mtu atasubiri mpaka uamke.

Haya tuje kwenye Samsung. Atakaenunua, duka lolote, kabla ya kulipa abonyeze *#06# apate IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, aitizame inalingana na ile ya kwenye kikasha, na aitume kwa ujumbe kwenda 15090, TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, watamjibu ni simu ya aina gani. Jibu lisipofanana na simu iliyo mkononi asilipe. Achague yenye RAM GB 4 au 6, asikubali chini ya hapo, na atizame kikasha kama mna chaja maana nyengine zinakuja na waya tu.

Ikishafika nyumbani, mjukuu asimpe bibi mpaka awe ameyafanya haya, na wewe kaa nae kwenye simu umsomee. Kwanza Settings, Display, Easy mode, aiwashe. Hapo hapo Display kuna Navigation bar, achague Buttons, ili zile alama tatu za chini zionekane, bi mkubwa awe na kitu cha kubonyeza kurudi nyumbani, zile ishara za kutelezesha kidole kutoka ukingoni azisahau kabisa. Halafu ukurasa wa mwanzo aufagie, kila kitu kitoke, abakishe WhatsApp na simu ya kawaida. Sura zenu azitie kwa kufungua mazungumzo ya kila mmoja ndani ya WhatsApp, zile nukta tatu za juu, More, Add shortcut, uso wako utakuja wenyewe kwenye ukurasa wa mwanzo. Bi mkubwa akigusa uso wako yanafunguka mazungumzo yenu na kule juu kuna alama ya kamera ya vidio, hapo anagusa. Ni miguso miwili, ya kwanza sura, ya pili kamera, afundishwe hivyo hivyo na asifundishwe jambo jengine mwezi mzima. Akimaliza aingie Settings, Home screen, awashe Lock Home screen layout, ili hizo sura zisivutwe zikapotea.

Sasa kuiamsha WhatsApp, hapa asiruke. Settings, Battery, Background usage limits, zitatokea orodha, ile inayoanza na neno Never ndio aitie WhatsApp humo. Halafu aikandamize WhatsApp pale kwenye ukurasa, aingie kwenye maelezo yake, Battery, achague Unrestricted. Na humo humo kwenye maelezo atizame ruhusa za kamera, maikrofoni na taarifa zote zimekubaliwa, ikikosa ya maikrofoni utamuona mama anazungumza humsikii na mtagombana bure. Kuna na kimoja cha kuondoa ruhusa za programu isiyotumika, nacho akizime.

Mlio. Sikio la mtu mzima linapoteza kwanza sauti nyembamba, zile kengele kali za kama ndege ambazo wewe unazisikia chumba cha tatu yeye hazisikii hata akiwa na simu mapajani. Mtilie mlio mzito, wa simu za zamani za mezani ndio mimi nnautumia, usimtilie kaswida wala adhana, anadhani ni redio. Kwenye Settings, upande wa sauti, sehemu ya Volume, kuna Use Volume keys for media, iwashwe, ili hata akizibana zile batani za ubavuni asipunguze mlio wa simu. Hilo ndio jibu la kile kiswichi cha iPhone nilichokisema.

Ndani ya WhatsApp kwenyewe, Settings, Storage and data, azime kujipakua kwa picha na vidio zote, maana mama akitiwa kwenye magrupu ya harusi na mawaidha simu itajaa na bando litaisha kabla hamjaonana. Hapo hapo kuna Use less data for calls, iwashwe, sura itapungua ung'avu kidogo lakini haitokatika katika. Ukitaka kujua vidio zenu zinakula kiasi gani usikisie, baada ya wiki mjukuu afungue Network usage atakuta mstari wa simu peke yake, hesabu hapo ndio ujue bando gani la kumtilia. Na awashe Two-step verification, ile namba na barua pepe viwe vyako wewe, na mjukuu aijue namba maana WhatsApp huiuliza mara moja moja, bi mkubwa asisumbuliwe nayo. Matapeli wanawapigia wazee wanawaambia "tusomee zile namba sita zilizokujia", akisoma akaunti inaondoka na jina lake linaanza kuwakopa jamaa zako.

Simu isiwe na namba ya siri ya kufungulia. Najua huko mlipo mtaniona sina akili, lakini simu hii haina benki ndani, na pesa za kwenye laini zina siri yake mbali. Kizee aliyefungiwa nje ya simu yake hapigi vidio koli.

Kumfundisha, usiku wa mwanzo msimfundishe kupiga. Mfundisheni kupokea tu. Mjukuu aiweke simu mezani imelala kioo giza, wewe piga kutoka huko, simu ilie, atizame sura, asukume lile duara kwenda juu. Mkizungumza maneno mawili kata, piga tena. Mara kumi. Mfanye kidole kimoja, kile cha shahada, na mkono wa pili uishike simu, kwa sababu akiishika kwa mkono mmoja dole gumba linagusa ukingo na kukata. Utaona mara mbili tatu za mwanzo ataipeleka sikioni na wewe utaona sikio tu, usicheke na wala usipige kelele, miaka ishirini simu ni kitu cha sikioni. Mtafutieni kitu cha kuiegemezea, hata gilasi na kitabu vinafaa, simu isimame mbele yake mikono yake iwe huru. Akae barazani au ukumbini na mwanga umpige usoni, dirisha likiwa mgongoni kwake utaona kivuli chenye mtandio.

Halafu lile jaribio langu la usiku, hili nakuomba usiliache. Baada ya Isha simu itiwe chaji iachwe, isiguswe na mtu yoyote mpaka asubuhi, wewe piga baada ya sala ya Alfajiri ya huku. Simu mpya ikiguswa guswa inalia siku zote, udhaifu wake unaonekana ikishalala saa nyingi. Ikiandika Ringing mara moja, kazi imekwisha. Ikikaa Calling na mjukuu anakwambia data imewashwa na bando lipo, rudini kwenye ile orodha ya Never, kuna kitu hakikushika. Rudia jaribio hili siku tatu, na tena baada ya simu kujisasisha, maana masasisho mengine yanarudisha mambo yalivyokuwa.

Na ukipiga ikawa Ringing, Ringing, haipokelewi, usikate mapema dada yangu. Bi mkubwa anatafuta miwani.